Kutoka kubeba faili hadi kuongoza operesheni: njia ya kazi katika utoaji wa mizigo bandari ya Dar es Salaam

Vijana wengi wanaonipigia simu kuhusu kazi za bandarini huuliza jambo moja: "Kaka, niingilie wapi?" Mlango wa kuingilia si tatizo kubwa, maana milango ipo mingi. Cha kuuliza mapema ni chumba kipi kina ngazi ya kupanda juu. Nimewaona watu wawili walioanza wiki moja katika ofisi moja ya uwakala wa forodha pale Kurasini. Baada ya miaka minane mmoja alikuwa anaongoza operesheni zote za mizigo ya transiti, na mwenzake bado alikuwa anakimbiza karatasi getini. Wote walikuwa wachapakazi. Tofauti yao ni kwamba mmoja alishika faili kuanzia meli inapotia nanga hadi mteja anapolipa ankara, na mwingine alishika kipande kimoja tu cha safari hiyo.

Mwongozo huu unahusu ngazi hiyo moja: uwakala wa forodha na usafirishaji wa mizigo inayopita Dar es Salaam kwenda Kongo, Zambia, Rwanda, Burundi na Malawi. Nimeichagua kwa sababu ndiyo niliyoipanda mwenyewe, na kwa sababu mtu anaweza kuianza na cheti kimoja tu mkononi.

Kwanza elewa mwenye kampuni anaogopa nini

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 147, inasema wakala anayefanya jambo kwa niaba ya mwenye mzigo atahesabiwa kuwa ndiye mwenye mzigo, na atawajibika yeye binafsi kwa ushuru wake. Isome tena taratibu. Mteja wako akiwa Lubumbashi na ushuru ukapungua, Mamlaka ya Mapato haitamfuata Lubumbashi. Itakuja ofisini kwenu.

Hofu hiyo ndiyo inayoamua nani apandishwe. Leseni ya uwakala wa forodha ina ukomo na lazima ihuishwe, na kosa la karani mmoja linaweza kuifunga ofisi nzima. Kwa hiyo mwenye kampuni hampi umeneja mtu mwenye maneno mengi wala mwenye shahada kubwa kuliko wote. Anampa mtu ambaye faili zake hazijawahi kumkosesha usingizi. Kila hatua ninayoieleza hapa chini ni ya kujenga sifa hiyo moja.

Hatua ya 1: Pata cheti kinachotambulika na forodha

Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha utendaji wa forodha na uwakala wa mizigo, kinachofahamika kwa herufi EACFFPC. Kwa Tanzania kinatolewa kupitia Chuo cha Kodi, na wenzetu wa Kenya wanacho pia upande wao. Ni kozi ya karibu miezi sita, na kinatambulika katika nchi wanachama wa Jumuiya. Ukishakuwa nacho, kampuni inaweza kukutaja kama mtaalamu wake inapoomba leseni. Hapo unakuwa na thamani hata kabla hujagusa faili.

Diploma ya Chuo cha Bandari pale Tandika, au ya Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, ni nzuri na itakusaidia baadaye. Lakini kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, ushauri wangu ni huu: anza na cheti cha forodha, ingia kazini, kisha soma diploma jioni. Nimewapokea wahitimu wengi wa diploma ambao hawajawahi kuona hati ya shehena halisi, na miezi yao sita ya kwanza huwa migumu.

Hatua ya 2: Mwaka wa kutembea, na usizidi miwili

Utaanzia chini. Utatumwa kwa wakala wa meli kuchukua delivari oda, yaani hati ya kuruhusu mzigo utolewe, utapeleka nyaraka kwa maofisa wa ukaguzi, utasimama yadini kontena likifunguliwa, utafuatilia pasi ya kutokea getini. Siku hizi sehemu kubwa ya tamko la forodha inapita kwenye mfumo, lakini mzigo wenyewe haupiti kwenye skrini. Lazima awepo mtu wa kuona sili ikikatwa.

Mwaka huu una faida kubwa ukiutumia vizuri. Nunua daftari lenye jalada gumu. Kwa kila kontena andika namba yake, siku iliyoshushwa melini, siku nyaraka zilipofika kamili, siku tamko lilipokubaliwa, siku ya kuruhusiwa, siku ya kutoka getini. Kisha andika kilichochelewesha, kwa maneno machache: "hati ya shehena haijafika", "jina la mpokeaji limekosewa", "kreni mbovu". Usiandike lawama, andika tukio na saa yake. Ukijaza faili mia moja utaanza kuona jambo ambalo bosi wako hajawahi kuliona akiwa mezani: siku hupotelea mahali palepale kila mara.

Hatari ya hatua hii ni kuizoea. Posho za kila siku za kutembea zinafika mkononi, na kijana anaona bora hizo kuliko mshahara wa mezani. Ukifika mwaka wa pili hujawahi kuandaa tamko hata moja, nenda kwa msimamizi wako umuombe wazi: "Naomba niandae moja chini yako, wewe ukague kabla ya kutuma." Akikataa mara tatu, tafuta ofisi nyingine.

Hatua ya 3: Meza ya deklaranti

Deklaranti ndiye anayeandaa tamko la forodha: mzigo ni nini, unatoka wapi, una thamani gani, unaangukia namba ipi katika kitabu cha ushuru. Hapa ndipo watu wanapotofautiana.

Chukua mfano wa kawaida. Mteja anatuma ankara imeandikwa "vipuri vya trekta", mstari mmoja, basi. Deklaranti mvivu anatafuta namba ya matrekta na vipuri vyake, anaingiza, anatuma. Deklaranti mzuri anaomba orodha ya vilivyopakiwa. Akiipata anakuta matairi, betri na vichungi vya mafuta. Matairi ya mpira yana namba yake, 40.11. Betri ziko 85.07. Vichungi viko 84.21. Vyote vitafungwa kwenye trekta, ni kweli, lakini kitabu cha ushuru hakiviiti vipuri vya trekta. Kontena likiangukia mstari mwekundu wa ukaguzi na kufunguliwa, yule wa kwanza ataandikiwa tamko la uongo, na mteja atadhani ofisi nzima ni ya matapeli.

Kifungu cha 203 cha sheria ileile kinahusu nyaraka na matamko ya uongo, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Kwa sababu hiyo usimpe mtu paswadi yako ya mfumo, hata kwa nusu saa, hata awe bosi. Nilipokuwa deklaranti mchanga, ofisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na desturi ya kutumia jina la mtu mmoja kutuma matamko ya watu wote. Siku ukaguzi ulipokuja baada ya mizigo kutoka, jina lililoonekana lilikuwa langu kwenye mafaili ambayo sikuwahi kuyafungua. Nilitumia karibu miezi miwili kueleza. Sitaki yakupate.

Kaa kwenye meza hii miaka miwili au mitatu, na jifunze angalau aina tatu tofauti za mizigo. Deklaranti wa magari tu ni fundi mzuri, lakini haitwi kwenye kikao cha kupanga bei.

Hatua ya 4: Omba mizigo ya transiti, hapo ndipo umeneja unapoanzia

Mzigo wa ndani ukishatoka getini, kazi yako imekwisha. Mzigo wa transiti ukitoka getini, kazi ndiyo kwanza inaanza. Unapaswa kuhesabu barabara, mpaka, dereva, kontena tupu linalorudi, na bondi, yaani dhamana ya forodha. Mtu wa transiti anaguswa na kila idara, na ndiyo maana mameneja wengi wa operesheni ninaowafahamu walipitia hapo.

Nitaeleza faili moja lilivyokwenda. Tarehe ni za mwezi Machi na viwango nimevirahisisha ili hesabu ionekane.

Kontena kumi za futi 40 kwenda Lubumbashi. Mwenye meli ametoa siku 30 za bure, kuanzia siku ya kushushwa hadi kontena tupu linaporudi yadini kwake Dar es Salaam. Baada ya hapo kuna tozo ya kuchelewesha, ambayo ofisini wote tunaiita dimareji, dola 40 kwa kontena kwa siku.

Kontena zilishushwa tarehe 3 Machi. Hati halisi za shehena zilifika kupitia kampuni ya vifurushi tarehe 7. Delivari oda ilitoka tarehe 8, mzigo ukaruhusiwa tarehe 11, malori yakapakia na kutoka tarehe 13. Mzani wa Vigwaza ulipita bila shida, kwa sababu tulihakikisha uzito yadini. Sheria ya Jumuiya ya uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu jumla ya tani 56 na si zaidi, na lori lililozidi linaweza kulala mzanini wakati wenzake wako Mikumi. Malori yakapita Iringa na Mbeya, yakafika Tunduma tarehe 16, yakavuka kuingia Nakonde tarehe 18. Yakakatiza Zambia, yakafika Kasumbalesa tarehe 22, yakavuka tarehe 25. Yakafika kwa mteja tarehe 27.

Hapo mteja hakuwa na nafasi ghalani. Malori yalishushwa tarehe 29. Kontena tupu zikaingia yadini Dar es Salaam tarehe 5 Aprili.

Hesabu sasa. Tarehe 3 Machi ni siku ya kwanza, kwa hiyo siku ya thelathini ni tarehe 1 Aprili. Kontena zimerudi siku ya 34. Siku nne za ziada, mara dola 40, mara kontena kumi: dola 1,600. Kwa faili ambalo faida yake yote pengine haifiki mara mbili ya hapo, hicho ni kidonda.

Karani wa kawaida atasema mpaka ulichelewesha. Ni kweli siku tano zimekwenda mipakani, mbili Tunduma na tatu Kasumbalesa. Lakini siku hizo zilijulikana tangu mwanzo. Zinatokea kila safari, na ulipaswa kuzipanga. Mtu wa umeneja anatafuta siku ambazo hazikupaswa kuwepo. Za kwanza ni tarehe 3 hadi 7, tulipokuwa tunasubiri hati ya shehena wakati kontena ziko chini. Tamko linaweza kuandaliwa kabla ya meli kufika. Kama mteja angeombwa hati wiki mbili mapema, au angeombwa amwambie muuzaji atoe hati ya kielektroniki badala ya karatasi, siku nne zote zingeokolewa. Za pili ni tarehe 27 hadi 29, malori yalipogeuzwa ghala.

Bosi wangu wa wakati huo, mama mmoja mtaratibu ambaye alikuwa anasoma kila faili kuanzia ukurasa wa mwisho, aliniita.

"Hizi siku mbili za Lubumbashi, mteja anazijua?"

"Anazijua, mama. Dereva alimpigia."

"Dereva alimpigia. Wewe ulimwandikia?"

Nilikuwa nimemwandikia. Tarehe 28 asubuhi nilimtumia mteja barua pepe yenye mistari mitatu: malori yamefika tarehe 27, hayajashushwa, siku za bure zinaisha tarehe 1 Aprili, na kila siku itakayozidi kwa sababu hii itakuwa juu yenu. Mama aliisoma, akaichapisha, akaipachika kwenye faili. Mteja alilipa siku mbili, yaani dola 800. Nyingine 800 tulizibeba sisi, kwa uzembe wetu wa hati ya shehena. Mwezi uliofuata nilikabidhiwa mafaili yote ya Kongo ya mteja huyo. Haikuwa kwa sababu nilipunguza hasara sana. Ilikuwa kwa sababu aliweza kuona, tarehe kwa tarehe, hasara ni ya nani.

Barua pepe ile ya mistari mitatu ijenge iwe tabia. Iandikwe siku tatu kabla ya siku za bure kwisha, na siku ileile tatizo linapotokea. Simu haiachi alama.

Hatua ya 5: Shika daftari la bondi

Mzigo wa transiti haulipiwi ushuru Tanzania, ila kampuni inaweka dhamana kwamba utatoka nchini. Dhamana hiyo ndiyo bondi, na ina kikomo. Kila faili linapofunguliwa linakula sehemu ya kikomo hicho, na sehemu hiyo hairudi mpaka kutoka kwa mzigo kuthibitishwe mpakani na bondi kufutwa kwenye mfumo.

Sasa fikiria lori limevuka Tunduma vizuri kabisa, lakini uthibitisho haukuingizwa, labda namba ya lori ilibadilishwa njiani baada ya kuharibika na hakuna aliyeomba marekebisho. Mzigo uko Zambia, bondi bado imefungwa Dar es Salaam. Mafaili ishirini ya namna hiyo yakirundikana, meli mpya inaingia na kampuni haina nafasi ya kufungua faili jipya. Mteja anakwenda kwa jirani, na mwenye kampuni haelewi kwa nini.

Katika ofisi nyingi kazi hii ni ya kila mtu, yaani si ya mtu. Iombe wewe. Kila Ijumaa toa orodha ya bondi zilizo wazi zaidi ya wiki mbili, na mbele ya kila moja andika lori liko wapi na nani anafuatilia. Hakuna karatasi itakayokufikisha mbele ya mkurugenzi wa fedha haraka kuliko hiyo, kwa sababu inaonyesha mtaji wa kampuni uliokwama. Ndani ya miezi michache utakuwa unaulizwa kama kampuni ipokee mzigo fulani au isipokee. Hilo ni swali la meneja.

Ngazi nyingine mbili, kwa kifupi

Dispacha wa malori ana ngazi yake nzuri kuelekea umeneja wa fliti, mradi asiishie kupangia madereva zamu. Ajue kila lori linakula lita ngapi kwa safari, na limekosa mara ngapi mzigo wa kurudi nao. Lori linalopeleka kontena Kongo na kurudi na shaba lina hesabu tofauti kabisa na linalorudi tupu.

Kwenye vituo vya kontena vyenyewe, uendeshaji umehamia mikononi mwa kampuni binafsi: DP World ilisaini mkataba wake na Serikali mwaka 2023, na Adani ikaingia gati namba 8 hadi 11 mwaka 2024. Huko kazi inayopanda ni ya upangaji, yaani anayepanga kontena lipi likae wapi yadini na lipi lishushwe kwanza melini. Karani wa kuhesabu mizigo anayejifunza upangaji anaweza kufika msimamizi wa zamu. Anayebaki na kalamu na karatasi ya kuhesabu atabaki hapo. Na angalia pia Kwala, mkoani Pwani, ambako bandari kavu ilizinduliwa mwaka 2025. Wenye nyumba na familia mjini wengi hawapendi kwenda huko, kwa hiyo kijana aliye tayari kuhamia atakabidhiwa majukumu mapema kuliko angekaa Kurasini.

Hatua ya 6: Siku ya usaili wa umeneja

Ukiwa na miaka sita au saba ya njia hii, utaitwa mahali. Usibebe vyeti peke yake. Nenda na mambo matatu kichwani, yenye tarehe: faili moja uliloliokoa, faili moja lililokushinda na sababu yake, na wastani wako wa siku kutoka kushushwa melini hadi kutoka getini, kwa mwaka huu na mwaka uliopita. Daftari lile la jalada gumu ndilo litakupa hizo namba.

Kampuni makini hazitakuuliza udhaifu wako ni upi. Zitakupa faili lililokwisha, limejaa karatasi, na kukuachia dakika ishirini useme pesa imevujia wapi. Usianze na ankara. Chukua karatasi tupu, andika tarehe kwa mpangilio kuanzia kushushwa hadi kontena tupu kurudi, kisha weka alama pale penye pengo la siku mbili au zaidi. Kwa kila pengo tafuta karatasi inayoeleza nani alikuwa anasubiriwa. Pengo lenye barua ni la mteja. Pengo lisilo na barua ni la kampuni, na hapo ndipo uwaambie pesa imevujia.